Ujumbe niliomtumia fundi wa kuprinti kabla sijamaliza posta ya ngalawa

Kisa chenyewe kiko hivi. Kikundi cha akina mama hapa Tanga walikuwa na siku yao ya mashindano ya ngalawa na vyakula vya pwani, wakanipa kazi ya posta, saizi A2, vipande 40, za kubandika sokoni na stendi na kwenye vibanda vya kule ufukweni. Picha walishakuwa nayo, kijana wa mwenyekiti alikaa na simu yake akaitengeneza kwa akili mnemba, na kusema kweli ilikuwa inavutia: ngalawa ina tanga la rangi ya chungwa, bahari ya feruzi inang'aa hadi macho yanauma, juu pameandikwa TAMSHA LA NGALAWWA (ndio, hivyo hivyo), na pembeni kote kuna kifremu chembamba cheupe. Mama mwenyekiti akaniambia, "mwanangu we panga tu tarehe na mahali hapo chini, upeleke ikaprintiwe."

Kuprinti tulikubaliana ifanyike Dar kwa fundi mmoja ambaye bei yake ilikuwa nafuu, mzigo uje na basi. Hapo ndipo shida inapoanzia maana fundi hayuko mtaani kwako, huwezi kusimama nyuma yake ukamwambia "ngoja kaka rudisha hapo kidogo", ukikosea umekosea vipande vyote 40 na nauli ya mzigo juu.

Ujumbe wangu wa kwanza naona aibu hata kuurudia. Nilimwandikia: "Habari kaka, mnaprinti A2? Mnataka dpi ngapi na ni CMYK si ndio?" Akanijibu baada ya dakika mbili: "Ndio dada, 300 CMYK." Basi. Jibu limekuja, limenyooka, na halina msaada wowote, kwa sababu nilimuuliza swali ambalo jibu lake kila mtu wa kuprinti analo mdomoni kama salamu. Ukiuliza dpi ngapi, yani nukta ngapi kwa kila inchi, unaambiwa 300. Ukisema CMYK, zile rangi nne za wino wa kuprinti, si ndio, unaambiwa ndio. Hajajua posta ni ya kubandika wapi, hajajua picha yangu ina ukubwa gani, na mimi sijajua ataprinti na mashine ipi.

Nikakaa nikapiga hesabu ya ile picha kwanza kabla sijamsumbua tena. Faili ilikuwa ya RGB, yani rangi za skrini, na pikseli 1024 kwa 1536. A2 ni milimita 420 kwa 594. Ukitaka 300 kweli kweli, pikseli 1024 ukizigawa kwa 300 unapata inchi tatu na nusu hivi, yani upana wa sentimita 9 kasoro, picha ya kushika mkononi. Ukiivuta hiyo hiyo ijae upana wa A2 unabaki na kama 60 kwa kila inchi. Na hapa niseme kitu ambacho nimeona watu wengi wanajidanganya nacho, kwenye GIMP, programu ya kuhariri picha, ukienda Image halafu Print Size unaweza kuandika 300 pale na faili ikakubali, ukamtumia fundi akaona 300 akaridhika, lakini pikseli ni zile zile 1024, umebadilisha lebo tu kwenye gunia, mchele haujaongezeka.

Kwa hiyo nikaandika ujumbe wa pili, huu nauweka mzima kwa sababu ndio kiini cha kisa:

"Habari za mchana kaka. Ni mimi wa posta za Tanga. Naomba unisaidie haya kabla sijafunga faili. Ni A2 vipande 40, zitabandikwa ukutani nje na ndani, mtu anasoma akiwa hatua mbili tatu. Picha ya nyuma imetengenezwa na akili mnemba, ina pikseli 1024 kwa 1536, ni RGB, haina toleo kubwa zaidi ya hilo. Maandishi nitayapanga upya mwenyewe, hayatakuwa sehemu ya picha.
1. Utaprinti kwa mashine ipi, plota ya wino au ile ya leza au ofseti? Na karatasi ni ya kung'aa au mati?
2. Nikutumie RGB kama ilivyo mashine yako ibadilishe, au nibadilishe mimi kwenda CMYK? Kama ni mimi, unatumia profaili gani?
3. Unakata kwa mashine au kwa mkono? Nikuachie blidi milimita ngapi kila upande, na maandishi yakae ndani kiasi gani kutoka kwenye mkato?
4. Kwa mashine hiyo na umbali huo, chini kabisa unakubali dpi ngapi kwenye saizi halisi?
5. Faili unataka PDF au TIFF, na niitume kwa njia gani?
Nikituma kwanza kipande kidogo cha majaribio utanitolea?"

Kuna mtu atasema ujumbe mrefu sana fundi hatausoma. Alisoma. Alichukua nusu siku ndio akajibu, kwa sauti, dakika moja na kitu, huku nyuma mashine inanguruma, na kila jibu lake likabadilisha kazi yangu.

Alisema hivi, kwa kifupi. Vipande 40 haviendi ofseti, kutengeneza pleti kwa idadi hiyo ni kutupa hela. Ile leza yake inakula karatasi ya SRA3 mwisho, ambayo ni 320 kwa 450, A2 haiingii. Kwa hiyo ni plota, ile printa kubwa ya wino inayokula karatasi ya roli, roli la milimita 914, karatasi mati. "Na we dada usinibadilishie rangi, nitumie RGB yenye sRGB ndani yake, programu ya plota inajua wino wake, ukinibadilishia huko kwako utaniletea rangi zimeshakufa afu mimi nazizika."

Hapo nikacheka ila alikuwa na haki kabisa, na ndio sehemu iliyoniokoa zaidi. Mimi nilikuwa nimeshaanza kuibadilisha ile picha iwe CMYK kwa profaili, yani maelezo ya rangi za mashine fulani, iliyokuja na programu yangu, kwa sababu ndivyo tulivyofundishwa, kuprinti ni CMYK, basi. Lakini profaili ile ni ya mashine ya ofseti na karatasi yake, na uwezo wake wa rangi ni mdogo kuliko wa plota ya wino. Ukibadilisha mwenyewe unapunguza rangi ziingie kwenye kikombe kidogo, zikifika kwake zinabadilishwa tena kwenda kwenye wino wa plota, na kile kilichomwagika kwenye kikombe cha kwanza hakirudi. Angekuwa anaprinti ofseti ningetakiwa nifanye kinyume, nimtumie CMYK kwa profaili anayoitaka yeye. Ndio maana swali la kwanza ni mashine, rangi inafuata baadae.

Ila hata kwa RGB ile bahari haikuwa na matumaini. Feruzi ya kung'aa namna ile inatoka kwenye taa ya skrini, karatasi haina taa. Na picha za akili mnemba zina tabia hiyo, zinapenda rangi zilizoshiba kupita kiasi kwa sababu zinatengenezwa zionekane vizuri kwenye simu. Wino wowote utaikaribia tu, na kwenye mati inazidi kutulia maana mati inatawanya mwanga. Sasa kama unaiachia programu ya plota ishushe yenyewe, zile sehemu zote zilizozidi uwezo zinaangukia kwenye rangi moja, mawimbi yanapotea, unabaki na doa la bluu lililolala. Nikashusha mwenyewe ushibaji wa bahari kidogo kidogo, nikiwa bado kwenye RGB, hadi nikaona mawimbi yanasomeka bila kutegemea ule mng'ao. Chungwa la tanga sikuligusa sana. Nyeusi ya maandishi nayo aliniambia niiache nyeusi kamili ya RGB, sifuri tatu, asiikute kijivu.

Halafu blidi, ile picha ya ziada inayovuka mstari wa mkato ili kisu kikihama pasibaki mstari mweupe. Jibu lake: "Nakata kwa mkono, rula na kisu, niachie tano kila upande, na maandishi yaingie ndani sentimita moja na nusu." Wengi tumezoea tatu, na tatu inatosha pale karatasi zinapokatwa kwa mashine zikiwa zimepangwa rundo, lakini mkono wa mtu anayekata vipande 40 saa kumi na moja jioni sio mashine. Kwa hiyo faili yangu ikawa 430 kwa 604. Kwenye roli la 914 zinalala mbili mbili upande kwa upande, 860 zimetumika, zikawa safu 20 za milimita 604, kama mita 12 na kidogo za karatasi. Hilo sikuwa nimeliuliza lakini alinipa mwenyewe kwa sababu bei yake ni ya mita, na nilifurahi maana nikaweza kumpa mama mwenyekiti bei bila kubahatisha.

Sasa tatizo la blidi kwenye picha ya kutengenezwa ni kwamba picha haina "nje". Picha ya kamera mara nyingi mpiga picha ameacha nafasi, au anazo nyingine kumi za pale pale. Hii ni moja, na imebanwa. Uwiano wake pia hauendani na A2, yenyewe ni 1 kwa 1.5, A2 ni fupi kidogo. Nikiivuta upana ujae 430, urefu unakuwa 645, yani inabidi nitupe milimita 41 juu au chini. Juu kuna ncha ya mlingoti imekaribia ukingo kabisa. Chini kuna kivuli cha ngalawa majini ambacho ndipo nilipotaka kuweka tarehe. Na pembeni kushoto lile boriti la nje la ngalawa, lile linaloilinda isipinduke, limegusa ukingo wa picha, kwa hiyo mkato ukipita limekatwa kichwa, mvuvi yeyote wa Tanga akiiona anacheka.

Nilichofanya ni kuchora mistatili mitatu kwenye Inkscape, programu ya kuchorea, kabla ya kugusa chochote: wa nje 430 kwa 604, wa mkato 420 kwa 594, na wa ndani unaoingia sentimita moja na nusu kutoka mkato. Picha ikalala chini yake. Hapo huhitaji kubishana na mtu, unaona kwa macho kipi kitakatwa. Boriti lilikuwa limetoka nje ya mstari wa mkato. Ile fremu nyeupe ilikuwa inakatiza katikati ya mkato na blidi, ambayo ni mbaya kuliko zote, kwa sababu kisu kikihama milimita moja tu upande mmoja fremu inakuwa nene na mwingine inapotea, na jicho la binadamu linaona hiyo haraka kuliko kosa la spelingi. Fremu nikaifuta kabisa, bila huruma.

Kwa boriti nikaongeza bahari upande wa kushoto. Maji na mawingu ndio vitu rahisi kuongezea, nikanakili vipande vya mawimbi nikavipanga kwa brashi ya kunakili, nikihakikisha hakuna wimbi linalojirudia sambamba na pacha wake, maana kosa hilo likionekana mara moja huwezi kuacha kuliona. Picha ikawa pana kwa pikseli 80, zikawa 1104 kwa 1536, na hiyo ikasaidia na uwiano pia: urefu sasa ukishavutwa ni kama 598, nikapungukiwa milimita 6 tu za anga juu ambazo nikaziongeza kwa njia ile ile, mlingoti ukapata pumzi. Kwa hiyo badala ya kukata nikawa nimejaza. Kama ingekuwa ni umati wa watu ukingoni badala ya maji, nisingethubutu, ningemrudishia kijana atengeneze upya kwa kuacha nafasi.

Tuje kwenye dpi. Alisema, "kwa mati na kubandika ukutani, 150 kwenye saizi halisi nakubali, 120 nakubali kwa shingo upande, chini ya hapo usiniletee lawama." Tofauti na lile jibu la 300 la kwanza, si mnaona? Mtu yule yule. Kwa 150, 430 kwa 604 inataka kama pikseli 2540 kwa 3567. Picha yangu ya 1104 inatakiwa ikuzwe mara mbili na theluthi hivi. 300 ingetaka zaidi ya 5000 kwa 7100, mara nne na nusu hivi, na huko ndiko kwenye matatizo.

Kwa sababu kukuza huku si kuvuta tu. Programu za kukuzia zinabuni. Zinaangalia doa la pikseli tatu zinaamua hilo ni jicho, zinakuchorea jicho. Nilijaribu mara nne kwanza kwa tamaa, nikakagua kwa asilimia 100, ukubwa halisi wa pikseli, nikipita kona hadi kona kama mtu anayetafuta mbu ukutani. Kamba za tanga zilikuwa mbili, zikawa tatu, ya tatu imeishia hewani. Mkono wa nahodha ukaota kitu kama kidole cha sita. Ngozi ikawa laini kama plastiki huku mbao za ngalawa zimekwaruzwa kwa nguvu. Nikarudi kwenye mara tatu, ikawa tulivu zaidi, nikafuta ile kamba ya uongo kwa mkono, kisha nikaweka chengachenga kidogo picha nzima ili ule ulaini wa plastiki usionekane. Mara tatu inanipa 3312 kwa upana, kama 195 kwa inchi. Imevuka alichoomba na inatosha.

Maandishi hayakuhitaji hesabu hii hata kidogo. TAMSHA niliifuta ikawa anga, nikaandika TAMASHA LA NGALAWA upya kwenye Inkscape kama maandishi ya vekta, nikageuza herufi kuwa maumbo ili fundi asikose fonti, na hizo hata uzikuze iwe ukubwa wa ukuta kingo zake zinabaki kali. Hii inasaidia kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu jicho linapima ukali wa posta kwenye herufi kwanza. Picha ya 150 ikiwa na herufi kali juu yake inaonekana safi. Picha ya 300 yenye herufi zilizochorwa na akili mnemba inaonekana takataka.

Kabla ya kutuma nikafanya jaribio la bei ya stesheneri. Nikakata kipande cha saizi ya A4 kutoka kwenye faili kubwa, pale kwenye mkono wa nahodha na kipande cha bahari na herufi mbili tatu, nikaprinti kwa asilimia 100 bila kuruhusu kuifanya itoshee karatasi, nikabandika ukutani nikarudi hatua mbili. Rangi hapo usiziamini, ile printa ya stesheneri ni nyingine kabisa, unachotazama ni ukali tu. Mkono ulikuwa mkono.

Rangi nilimtegemea fundi. Nilimtumia PDF ya milimita 430 kwa 604, mistari yangu ya mistatili nimeitoa, na kipande cha majaribio kwenye ukurasa wake. Kwa WhatsApp ndio, lakini kama dokumenti, sio kama picha. Ukituma kama picha inabanwa na kupunguzwa pikseli njiani, kazi yote ya kukuza umeitupa baharini, na fundi atakayeipokea hatajua, ataprinti tu. Nilimwomba aniambie faili imefika na ukubwa gani wa MB, tukalinganisha, ikawa sawa.

Kipande cha majaribio kikaja na basi kesho yake kimekunjwa ndani ya gazeti. Bahari ilikuwa nzito kidogo kuliko nilivyotaka, mawimbi yapo lakini kivuli cha chini kimejaa giza na tarehe nyeupe ilikuwa ndani ya hicho kivuli, inasomeka ila kwa kulazimisha. Nikainua mwanga wa kivuli, nikanenepesha herufi za tarehe, nikatuma faili ya mwisho na kumwandikia jina lake lina "mwisho2" ndilo, ile nyingine aifute. Akajibu kwa dole gumba.

Posta 40 zilifika. Mbili zilikuwa zimekatwa zikahama milimita tatu hivi upande wa kulia, bahari ikajaza, hakuna mstari mweupe, kama hujui huoni. Mama mwenyekiti aliweka simu yake pembeni ya posta akasema, "mbona kwenye simu bahari inawaka zaidi?" Nikamwambia mama, zima mwanga wa simu uweke chini kabisa halafu linganisha tena. Akajaribu, akatikisa kichwa, akaniambia na vipeperushi A5 elfu moja sasa.

Vipeperushi vilienda kwa fundi mwingine, ofseti, hapa hapa Tanga. Sikumtumia ile PDF. Nilimtumia ujumbe ule ule nimebadilisha saizi na idadi, na majibu yakaja tofauti karibu yote: CMYK nibadilishe mimi kwa profaili aliyonitumia, blidi tatu maana anakata kwa mashine, 300 kwenye saizi halisi, maandishi meusi yawe nyeusi ya wino mmoja tu sio mchanganyiko wa nne. Kwa 154 kwa 216, hiyo 300 ni pikseli 1819 kwa upana, picha yangu ya mara tatu inazo na chenji inabaki. Nikafungua ile faili ya RGB niliyoitunza bila kuibadilisha, nikaanza upya kutoka hapo.